Visa Ilipohamishwa Sekta

Machi 2023, kampuni ya Visa ilihama sekta bila kubadili kazi yake. Jioni ilihesabiwa katika teknolojia ya habari. Ikaamkia sekta ya fedha, pamoja na Mastercard.

Aliyewahamisha ni mfumo wa GICS, ulioanzishwa mwaka 1999 na MSCI pamoja na S&P. Kila kampuni hupewa namba ya tarakimu nane, inayosomwa mbili mbili kutoka kushoto. Ya Visa sasa ni 40201060. Mbili za kwanza, 40, ni sekta: fedha. Zikifika nne ni kundi la tasnia, zikifika sita ni tasnia, na zote nane ni tasnia ndogo, yaani uchakataji wa malipo. Hapo ndipo kampuni inapowekwa hasa. Ngazi za juu hufuata zenyewe, kama mtaa unavyoifuata kata yake.

Kigezo kikuu ni shughuli inayoleta sehemu kubwa ya mapato, na kampuni hupewa nafasi moja tu, hata ikiwa na biashara tatu.

Uhamisho huo haukuwa wa makaratasi tu. Mifuko ya uwekezaji inayofuata faharisi ya sekta ya teknolojia ililazimika kuuza hisa za Visa, na ile ya fedha kuzinunua. Kwa hiyo anayelinganisha sekta ya fedha ya 2022 na ya 2024 analinganisha orodha mbili tofauti za kampuni.