Asiporudisha "Za Huko?"

Tuseme yupo binti wa Morogoro, tumwite Rehema, anayetafuta mashine ya kupukuchua mahindi ya kukodi. Baba yake amempa namba ya rafiki yake wa zamani, Mzee Hamisi wa Kilosa. Mzee hana habari kwamba namba yake imetolewa. Ni mwezi wa Ramadhani, saa 12 na nusu jioni, na Rehema anapiga. Simu inaita mpaka inakatika. Anapiga tena hapo hapo. Mara ya tatu inapokelewa.

"Haloo."

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

Kisha kimya. Nyuma ya kimya hicho vinasikika vikombe na sauti za watu kadhaa. Rehema anaanza kueleza habari ya mashine, bei, na gari la kuibeba, huku mzee akiitikia "mm" na "sawa". Baada ya dakika mbili mzee anasema "haya mwanangu" na simu inakatika. Rehema anabaki akiamini wamekubaliana. Mzee, aliyekuwa na tende mkononi, hakumbuki hata jina la aliyepiga.

Dalili zote alikuwa nazo, na ya kwanza ilikuwa kwenye salamu. Salamu ya Kiswahili hairushwi upande mmoja. Mtu mwenye nafasi akishaitikia "marahaba" huongeza lake: hujambo, za huko, baba mzima? Mkubwa akiitikia neno moja na kuacha hapo, hasa mbele ya kijana asiyemjua, mara nyingi amebanwa au bado hajamtambua anayezungumza naye. Yote mawili ni sababu ya kusimama kabla ya kumwaga shida. Dalili nyingine hufuata: sauti iliyoshushwa kama ya mtu aliye kikaoni au msibani, jibu linalochelewa, mwangwi unaoonyesha kwamba simu imewekwa spika na wengine wanasikia. Upepo mkali na muungurumo humaanisha bodaboda aliyechomeka simu ndani ya helmeti huku akiendesha. Huyo haulizwi kama anaweza kuongea, kwa sababu atasema anaweza. Aambiwe tu, "Endesha kwanza, nitakupigia ukifika."

Swali linalofaa kwa mwingine yeyote ni fupi, nalo hutolewa mara tu baada ya salamu na jina: "Mzee, nimekukuta vizuri, au nipige baadaye?" Maneno "au nipige baadaye" ndiyo yenye kazi. Bila hayo, mtu wa malezi ya kwetu ataona haya kumfukuza mgeni, atasema "sema tu", na atasikiliza nusu.

Waswahili wa pwani wana kipimo cha siku nyingi katika jambo hili. Mgeni hupiga hodi mara 3, na asipojibiwa huondoka bila kinyongo. Ni adabu iliyomo katika hadithi ya Mtume iliyopokewa na Abu Musa al-Ashari. Sura ya An-Nur nayo, aya ya 58, inataja nyakati 3 ambazo hata watoto na watumishi wa nyumbani wanapaswa kuomba ruhusa kabla ya kuingia: kabla ya sala ya alfajiri, adhuhuri watu wanapovua nguo kupumzika, na baada ya isha. Simu ni hodi inayofika chumbani moja kwa moja, kwa hiyo nyakati hizo zinaihusu zaidi kuliko mlango. Kwa jirani Mkristo, ongeza ibada ya Jumapili asubuhi.

Hata hivyo hodi 3 za mlangoni zisihamishwe kwenye simu jinsi zilivyo. Mtu akipiga mfululizo, anayepigiwa hufikiri kuna msiba. Simu zenyewe zimetengenezwa hivyo: mtu anapoweka hali ya "Usinisumbue", aiphone inaweza kupangwa iruhusu simu ya pili ya mtu yule yule ikija ndani ya dakika 3, na Android ndani ya dakika 15. Kupiga tena papo hapo kunaweza kuwa kumuamsha mtu aliyeamua kulala. Njia hiyo iachiwe dharura ya kweli.

Wapo wanaokimbilia upande wa pili, wakaacha iite mara moja na kukata kwa kuogopa kusumbua. Huko ni kubipu, na kubipu kuna maana yake. Mwaka 2007 mtafiti Jonathan Donner alichapisha makala kuhusu kanuni za kubipu, akitumia mahojiano aliyofanya Rwanda, na moja ya kanuni alizozikuta ni kwamba mwenye uwezo zaidi ndiye anayelipia simu. Kwa hiyo anayehitaji huduma akimbipu mwenye mashine, mwenye mashine husoma: nipigie kwa gharama yako. Simu iachwe iite mpaka mwisho, mara moja, kisha uandikwe ujumbe.

Ujumbe wa Rehema ungeweza kuwa huu:

"Shikamoo Mzee Hamisi. Mimi Rehema, binti wa Mwalimu Saidi wa Morogoro. Nimepiga kuuliza kuhusu mashine ya kupukuchua. Si dharura. Nitapiga kesho saa 3 asubuhi."

Una herufi 159 pamoja na nafasi, na SMS moja hubeba 160. Jina la baba ndilo linalofungua mlango, maana namba ngeni siku hizi hupokewa kwa shaka: wengi wameshapata zile jumbe za matapeli za kutaka ile hela itumwe kwenye namba nyingine. Ndiyo maana mchezo wa "nadhani ni nani" au "umeshanisahau?" haufai kabisa kwa mtu mliyepoteana naye. Ndiyo maana pia ujumbe wa kwanza usitaje pesa. Kisha "si dharura" inamtoa mzee wasiwasi, na saa iliyotajwa inamwachia anayehitaji kazi ya kupiga tena.

Mzee asiyesoma vizuri, au ambaye macho yamechoka, atumiwe ujumbe wa sauti, na shida itajwe mwanzoni. Ujumbe wa dakika nne unaofika kwenye jambo mwishoni unamlazimisha msikilizaji aushike mpaka mwisho, pengine mbele za watu.

Maneno mabaya kuliko yote ni "nipigie haraka" yasiyo na sababu, hasa kwa ndugu aliye mbali. Saa 4 asubuhi Mombasa ni saa 5 Muscat, lakini Minneapolis ni saa 7 au 8 ya usiku kulingana na majira. Mtu anayeamkia maneno hayo na simu tano alizozikosa hutetemeka kabla hajapata laini, na mara nyingi anakuta ni karo au namba ya akaunti. Maneno mawili, "nyumbani salama", yangemwepusha na hofu hiyo. Na kama ni msiba kweli, habari isiandikwe. Atafutwe kwanza mtu mzima aliye karibu naye huko, aende akakae naye, ndipo apigiwe.

Kwa hiyo, msomaji, ukiahidi kupiga kesho saa 3, piga saa 3. Ukikwama, andika. Mzee anaweza kuwa ameahirisha safari ya shamba akisubiri simu yako.