Roboti Barabarani, Dereva Chumbani: Picha Inakwama Wapi?

Roboti ndogo ya magurudumu manne inakwenda mita 1.5 kwa sekunde, mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka. Dereva wake yuko upande wa pili wa mji, ameketi mbele ya skrini na rimoti ya michezo mkononi. Kinachowaunganisha ni kamera, kompyuta ndogo na modemu yenye laini ya 4G. Picha ikimfikia dereva baada ya milisekunde 300, roboti imeshasogea sentimita 45 kupita pale anapoiona. Hilo huzoeleka. Ikichelewa sekunde 3, roboti iko mita 4.5 mbele, na mtu anayeonekana bado yuko mbali huenda ameshagongwa.

Wengi hulaumu umbali. Lakini ndani ya mkongo wa nyuzi, mwanga hukimbia takriban kilomita 200 kwa kila milisekunde moja, kwa hiyo mji mzima si kitu. Umbali hugharimu pale tu picha inapozungushwa. Laini za simu kwa kawaida hazina anwani inayofikika moja kwa moja kutoka nje, hivyo video mara nyingi hupitia seva ya kati. Roboti na dereva wakiwa Dar es Salaam na seva ikiwa Frankfurt, kila picha husafiri zaidi ya kilomita 13,000 ili kumfikia mtu wa mtaa wa pili. Seva ya karibu huondoa mzigo huo.

Adui mkubwa zaidi ni foleni ndani ya modemu. Tuseme video imepangwa kutumwa kwa megabiti 4 kila sekunde. Roboti inakata kona nyuma ya jengo, na uwezo wa kupakia unashuka hadi megabiti 1.5. Modemu haiitupi ziada, inaihifadhi. Kila sekunde megabiti 2.5 zinabaki zikisubiri. Baada ya sekunde 2 zimekuwa 5, na kwa kasi ile zinahitaji zaidi ya sekunde 3 kutoka. Dalili yake inadanganya: picha ni safi, inatiririka vizuri, ila ukikata kona, skrini haioneshi mabadiliko yoyote. Naiogopa picha ya namna hii kuliko iliyoganda, kwa sababu iliyoganda angalau humfanya dereva asimame. Kununua bando kubwa zaidi hakusaidii kitu.

Dawa ni kutuma pungufu ya kile mtandao unachoweza kubeba. Upande wa dereva unapima muda wa kila pakiti kuwasili na kuirudishia roboti taarifa. Pakiti zikianza kuchelewa, roboti inapunguza ubora papo hapo, kabla foleni haijajaa. WebRTC, teknolojia ileile inayobeba simu za video kwenye vivinjari, hufanya hivyo. Dereva anahitaji kuona ukingo wa barabara, si majani ya mti, kwa hiyo picha ya 640 kwa 480 humtosha kwa mwendo huu.

Pakiti iliyopotea nayo isisubiriwe. Njia ya TCP husimamisha zote zilizo nyuma mpaka iliyopotea itumwe upya, ndiyo maana video ya kuendeshea hupitishwa kwa UDP. Hapo huzuka shida nyingine: video iliyobanwa hutuma picha kamili mara chache, na zilizobaki hueleza mabadiliko tu, hivyo pakiti moja ikipotea, doa hubaki mpaka picha kamili ije. Nayo picha kamili ni nzito mara kadhaa, na huweza kuanzisha foleni yenyewe. Suluhisho zuri ni kuionesha upya picha kwa vipande, mstari baada ya mstari, ili mzigo ubaki sawa muda wote.

Kupima ni rahisi. Weka simu yenye saa ya kuhesabu sekunde mbele ya kamera ya roboti, kisha kwa simu nyingine piga picha inayoonesha saa hiyo na skrini ya dereva kwa pamoja. Tofauti ya namba mbili ndiyo uchelewaji wote, kuanzia lenzi hadi jicho. Rudia nyuma ya jengo, na wakati mtaa una watu wengi mtandaoni.

Kusimamisha roboti pale amri zinapokatika hakutoshi, maana amri zinaweza kufika salama huku dereva akitazama picha ya zamani. Kila amri ibebe namba ya picha ya mwisho aliyoiona dereva. Roboti inajua iliipiga lini. Ikiwa na umri wa zaidi ya nusu sekunde, ifunge breki yenyewe. Roboti isiyo na kinga hiyo isiingizwe kwenye njia ya watu.