Kidonda kisichouma: mgonjwa wa sukari na miguu yake

Baba mmoja wa ushirika wetu huko Lubunga, mwendesha toleka, alivua ndara zake jioni akakuta msumari umepenya soli hadi ndani ya unyayo. Alikuwa ameendesha nao tangu asubuhi bila kusikia chochote. Mguu ulipovimba, majirani walisema amekanyaga dawa ya mchawi, nasi tukamwombea majuma mawili kabla ya kumpeleka hospitali. Kipimo cha damu kilionyesha sukari 340. Vidole viwili vilikatwa.

Ndugu wapendwa, hapakuwa na uchawi. Sukari ikikaa juu kwa miaka, huharibu mishipa midogo ya damu inayolisha mishipa ya fahamu, na kuiumiza mishipa ya fahamu yenyewe. Ile mirefu zaidi hutangulia kuharibika. Ndiyo maana ganzi huanza kwenye vidole vya miguu yote miwili na kupanda polepole, kama mtu anayevaa soksi. Wengine husikia moto au kuchomwa sindano, hasa usiku. Wengine hawasikii kitu, na hao wamo hatarini zaidi, kwa kuwa hakuna maumivu ya kuwaonya.

Tunaweza kupima nyumbani. Mgonjwa afumbe macho. Mtu mwingine amguse kwa ncha ya kidole, polepole, kwa sekunde moja au mbili, bila kubonyeza: kidole gumba cha mguu, kile cha katikati na kile kidogo, miguu yote miwili. Ni migusano sita. Akikosa kusikia miwili au zaidi, aende kwa daktari. Atafutiwe sababu, maana ukoma pia huleta ganzi.

Mguu wenye ganzi hulindwa kwa macho. Kila jioni tuuoshe, tukaushe vizuri katikati ya vidole, kisha tutazame unyayo kwa kioo, au mtoto atutazamie. Joto la maji lipimwe kwa kiwiko, si kwa mguu. Mafuta yapakwe kwenye ngozi kavu, si katikati ya vidole. Tusitembee pekupeku hata ndani ya nyumba, tukung'ute viatu kabla ya kuvaa, wala tusikate sugu kwa wembe.

Kidonda kikionekana, hata kisipouma, tukioshe kwa maji safi na sabuni, tukifunike kwa kitambaa safi, tuache kukikanyagia, twende hospitali siku hiyo hiyo. Tusitie majivu wala majani.

Mishipa iliyokufa ganzi ni vigumu kurudi kama zamani, lakini sukari ikishuka, uharibifu hupungua kasi. Kwa watu wazima wengi, kipimo cha asubuhi kabla ya kula kinatakiwa kiwe kati ya 80 na 130. Daktari ataweka kiwango cha kila mmoja. Na angalau mara moja kwa mwaka, tumwombe atazame miguu yetu.

Tutaendelea kuombea wagonjwa. Ila mguu ukivimba, tutamsindikiza mwenye nao hospitali siku ile ile tunapomwombea.