Mwamba Uliopinduka Hutambulikaje?

Katika Nyanda za Juu za Uskoti, matabaka ya miamba yamekunjwa sana hata mahali pengine la chini limekuwa juu. Mwaka 1930 wanajiolojia Edward Bailey na Thorolf Vogt walichapisha makala zilizotumia alama za mashapo yenyewe kutambua lipi lilitangulia.

Alama ninayoiamini zaidi ni matabaka ya mshazari. Mkondo husukuma mchanga ukapanda mgongo wa tuta, kisha ukaporomoka upande wa pili kwa mteremko wa nyuzi kama 30. Kila poromoko huacha utando mwembamba unaoinamia kule maji yalikokuwa yakienda. Chini, utando hujipinda taratibu hadi kulalia sakafu. Juu, mkondo unaofuata huukata ghafla. Basi ukikuta mkato mkali uko chini na mpindo laini uko juu, mwamba huo umepinduka.

Viwimbi vya mkondo navyo vina upande wenye mteremko mkali, unaotazama maji yaendako. Vile vya mawimbi ya ufukweni vina pande zinazolingana, lakini vilele vyake vilivyochongoka huelekea juu.

Tabaka lililojipanga kwa ukubwa wa chembe lahitaji tahadhari. Maji yenye mchanga na tope yakipungua kasi, chembe nzito hutua kwanza na laini hufuata. Hata hivyo, mporomoko wa tope zito waweza kuacha kokoto kubwa juu. Usihukumu kwa tabaka moja. Kagua mengi yanayofuatana.