Video ya mbegu ya maharagi: siku za jua zisipotee katikati



Mwezi wa sita tulipanda Walungu kupiga video ya namna ya kuweka mbegu ya maharagi ndani ya bidoni ya litre 20. Tulikuwa na telefone mbili tu. Filme ilitoka nzuri kwa macho: jua kali, maharagi mekundu juu ya bashi, mama anafunga bidoni na kucheka. Tukaionyesha kwa wamama wa kikundi kimoja cha jirani, nao wakafanya vile walivyoona.

Mwezi wa tisa, wakati wa kupanda, walifungua. Bidoni tatu zilitoa harufu ya kuoza. Maharagi yalikuwa yameshikamana, na ukungu mweupe juu yake. Bidoni moja inabeba karibu kilo 15, na kwa nyumba nyingi ile njo mbegu yote ya msimu. Wale wamama walinunua ingine sokoni kwa bei ya mwezi wa tisa, na munaijua ile bei.

Tulikwenda kuwauliza. Mama mmoja akatujibu bila kuficha: “Mulionyesha yanaanikwa, kisha yanafungwa. Sisi tulianika muchana moja, tukafunga.” Alikuwa na haki. Shambani kazi ya kukausha ilichukua siku ine, lakini ndani ya video yetu ilichukua sekunde 12. Hatua zote zilikuwa ndani, kwa mupango wake. Kitu kilichokosa ni muda unaopita kati ya hatua moja na ingine.

Hapa tueleze kwanza bidoni inafanya nini, kwa sababu mupango wa video unatoka pale. Kidudu kinachotoboa maharagi kinaweza kutaga mayai tangu shambani, wakati maganda yanakauka. Kwa hiyo hata ukifagia gala vizuri, kidudu unakileta mwenyewe pamoja na mavuno. Bidoni ikijazwa mpaka mudomoni na kufungwa kabisa, hewa iliyobaki ni kidogo, vidudu vinaimaliza na vinakufa. Lakini kifuniko kinachozuia hewa kuingia kinazuia pia maji kutoka. Ukifunga maharagi yenye unyevu, umefunga unyevu pamoja nayo, na mbegu inaoza pole pole bila mutu kuona. Ndiyo maana hatua ya kupima ukavu inasimama sawa mulango: kabla ya kuupita, mutu asiguse kifuniko.

Tukarudia kazi kwa mavuno ya mwezi wa kwanza. Mara hii hatukutoa telefone siku ya kwanza. Tulikaa chini na mama mwenye shamba, naye akatueleza kazi yake huku tukiandika kila tendo kwa kikaratasi chake: kuchambua maharagi yenye matundu, kuanika, kugeuza, kuingiza ndani magaribi, kupima kwa chumvi, kujaza, kufunga. Chini ya kila kikaratasi tuliandika alama inayoonyesha kama tendo limeisha. Kwa kuanika tuliandika “siku tatu”, lakini mama akakataa. Akasema mwezi wa kwanza mvua inakatiza jua kila mara, siku haitoshi kuhesabu, ni chumvi njo itasema. Tulifuta. Bila yeye tungeanguka tena fasi ile ile.

Ile mara maharagi yalikauka kwa siku tano. Tulipiga picha ya bashi ile ile, tukisimama fasi ile ile, kila asubuhi na kila magaribi wakati wa kuingiza ndani. Ndani ya filme siku hizo zinafuatana, na sauti inasema “siku ya pili”, “siku ya tatu, mvua imenyesha, tumeingiza mapema”. Inachukua karibu dakika moja, na mwenye kutazama anasikia uzito wa kungoja. Tulimuomba mama avae kitenge kile kile siku zote. Alicheka, lakini inasaidia: akibadilisha nguo, watu wanafikiri ni mama mwingine na shamba ingine.

Hatua ya chumvi tuliipa nafasi kubwa kuliko zote. Unatwaa chupa ya plastiki inayopenya mwanga, iliyokauka ndani. Unatia maharagi mpaka theluthi, unaongeza kijiko cha chumvi, unafunga, unatikisa kwa dakika moja, unaacha dakika 15. Chumvi ikishika pembeni ya chupa, maharagi yangali na maji. Ikianguka yote chini, yamekauka. Sisi tunaongeza siku moja ya jua juu ya hapo, kwa sababu kipimo hiki hakioni unyevu mudogo, na mbegu inataka kukauka kuliko maharagi ya chungu.

Siku ya kupiga hatua hiyo chumvi ilishika, na maharagi yalikuwa yanavunjika kwa meno vizuri, kavu kabisa. Tulisumbuka nusu saa. Kumbe chumvi yenyewe ilikuwa imevuta maji jikoni. Tuliikausha juu ya sufuria, tukaiacha ipoe, tukarudia, ikaanguka yote. Yale makosa hatukuyakata, yako ndani ya video, sababu kila nyumba ya milimani iko na chumvi ya namna ile.

Kwa upande wa kukamata picha, mambo machache yalitusaidia. Telefone tuliilaza ubavu na kuifungia réseau, ili mutu asipige simu katikati. Kila picha tulihesabu moja mpaka kumi kabla ya kuikata. Mikono tuliipiga kutoka nyuma ya bega la mama, ili mwenye kutazama aione sawa mikono yake mwenyewe. Ukisimama mbele yake, kuume kunakuwa kushoto na watu wanachanganyikiwa wakati wa kufunga. Na mbele ya kila picha mutu alionyesha vidole vya namba ya hatua: viwili, vitatu, vine. Tulipiga kwa siku nyingi na bila mupango, mvua ndiyo iliyoamua, lakini siku ya kuunganisha vile vidole vilirudisha kila picha fasi yake. Sauti tuliiweka kisha, ndani ya nyumba, kwa Kiswahili na kwa Mashi, sababu upepo wa shambani unafunika maneno.

Kabla ya kuigawa kwa karte za telefone, tuliionyesha kwa watu sita ambao hawakuwa nasi shambani. Tulizima, tukawapa vile vikaratasi vimechanganywa, tukawaomba wavipange. Hatukuwauliza kama wameipenda; kwa swali lile kila mutu anajibu ndiyo. Wane walipanga sawa. Wawili waliweka kujaza mbele ya chumvi. Tulipotazama tena tukaona bidoni tupu ilikuwa inasimama karibu na chupa wakati wa kupima, na jicho lao lilikwenda kwenye bidoni. Tulirudi Walungu kwa siku moja, tukapiga ile hatua upya, bidoni ikiwa imefichwa ndani ya nyumba.

Mwezi wa tatu mama alifungua bidoni yake mbele ya telefone. Alitwaa mbegu 50, akazifunga kwa kitambaa chenye maji, na siku ya saba akazihesabu kwa sauti, moja moja. Zilizoota zilikuwa 46. Picha ile njo tumeiweka mwisho, bila muziki.