"Ulijuaje Kwamba Umezidiwa?"

Muulize dereva wa bodaboda wa Dar es Salaam kwa nini alikohoa mwezi mzima bila kwenda kupima kifua kikuu, naye atakujibu kwa ufupi: "Nilikuwa bado sijazidiwa." Mtafiti asiyejiandaa huandika jibu hilo na kurukia swali la pili, na hapo ndipo anapopoteza kitu alichokifuata.

Mahojiano ya kina hayaendeshwi kwa dodoso la "ndiyo" na "hapana". Mtafiti huwa na mwongozo wa maswali makuu machache, kama manane au kumi, na chini ya kila swali huandika mapema namna ya kudodosa. Swali kuu liombe kisa: "Hebu nisimulie tangu siku kikohozi kilipoanza." Hilo la "kwa nini hukwenda" ningelifuta kabisa, maana mwanamume akilisikia huona anashtakiwa, akaanza kujitetea.

Tumfuate dereva wetu huyo wa mfano. Akishasema hajazidiwa, lirudishe neno lake mwenyewe: "Kuzidiwa kukoje?" Kisha nyamaza. Kimya cha sekunde chache humsukuma aendelee, ingawa watafiti wengi wachanga hawakivumilii. Huenda akasema kuzidiwa ni kushindwa kuendesha pikipiki. Dodosa tena: "Kabla ya siku hiyo ulikuwa ukifanyaje?" Ndipo zitoke dawa za dukani, kisha hesabu ya kila jioni anayompelekea mwenye pikipiki. Asubuhi moja kwenye foleni ya zahanati ni abiria waliopotea, na hesabu haisubiri. Sasa "sijazidiwa" ina maana: mwili unapimwa kwa kazi, si kwa maumivu. Usimtilie maneno mdomoni, kwa mfano, "Uliogopa majibu, sivyo?" Atakubali kwa adabu tu, nawe utaondoka na wazo lako mwenyewe.

Mwongozo ujaribiwe kwanza kwa watu wawili watatu wa kundi hilohilo. Swali linalojibiwa kwa neno moja mara zote ni bovu, libadilishwe.

Kinasa sauti, kikiridhiwa na mhojiwa, huchukua maneno tu. Yanayobaki ni ya daftari: maneno ya mkato papo hapo, kisha maelezo kamili siku hiyohiyo kabla ya kulala, kwa sababu kumbukumbu huvuja upesi. Ulichokiona kiandike mbali na unachokidhani. "Alipofika kwenye habari za pesa alishusha sauti, akamtazama mwenzake aliyekaa hatua chache" ni ulichokiona. "Aliona aibu" ni dhana yako, nayo iwekwe pembeni na alama ya kuuliza.

Dokezo hilo moja linatosha kubadili mpango: mahojiano yanayofuata yasifanyike kijiweni. Tafuteni kivuli cha mbali, saa za mchana abiria wanapopungua.