Kreatinini Ile Ile, Figo Tofauti

Tuchukue mfano wa wakazi wawili wa Ubungo: bibi wa miaka 72 na kijana mpakia mizigo wa miaka 25. Kila mmoja amepimwa damu na kukutwa na kreatinini ya mikromoli 106 kwa lita. Kreatinini ni taka itokayo kwenye misuli, na bibi ana misuli haba. Kwake kufikia 106 ni dalili kwamba figo zinachuja polepole.

Kanuni ya CKD-EPI ya mwaka 2021 huingiza umri na jinsia. Gawanya kwanza 106 kwa 88.4, upate miligramu 1.2 kwa desilita. Kwa bibi:

```
142 × (1.2 ÷ 0.7)^-1.2 × 0.9938^72 × 1.012 = 48
```

Kwa kijana, 0.7 huwa 0.9, umri huwa 25, na 1.012 huondolewa, jibu ni 86. Hizo ni mililita kwa dakika, kwa mwili wenye eneo la mita za mraba 1.73. Bibi akibaki chini ya 60 kwa zaidi ya miezi mitatu, ana ugonjwa sugu wa figo.

Hata hivyo, kanuni haioni misuli yenyewe, huikisia tu. Mgonjwa aliyekonda sana huhesabiwa figo bora kuliko alizonazo.